Nukta mbili, mstari mmoja: kupata ikwesheni yake na kujua umekosea wapi kabla mwalimu hajaweka wino mwekundu

Juzi usiku mtoto wa dada yangu, yuko fomu foo, kanitumia WhatsApp picha ya wokshiti yake ya kodineti jiometri, swali la nne limepigwa kosa kubwa jekundu, afu chini kaandika: "Shikamoo anko. Hili mbona nililikagua kabisa, nimeweka ile nukta A kwenye ikwesheni ikakubali, sasa mwalimu kanipa kosa la nini?"

Nikaangalia. Ni kweli kakagua, ni kweli A inakubali, na ni kweli pia jibu ni kosa. Vyote vitatu kwa pamoja. Nikaona hapa ndo pa kuandikia, maana wengi wanajua fomula ila hawajui ile fomula inasema nini, kwa hiyo hata ukaguzi wao wanaufanya mahali ambapo hauwezi kuwasaidia. Swali lenyewe lilikuwa hivi, nimeliweka kwa Kiswahili:

Mstari ulionyooka unapita kwenye A(-2, 7) na B(4, -2). Tafuta gradienti yake, andika ikwesheni kwa mtindo wa ax + by + c = 0, afu taja mahali mstari unapokata mhimili wa x na mhimili wa y.

Swali la kawaida sana, utalikuta fomu wani, utalikuta tena fomu foo, na Kenya kwenye ule mfumo wa 8-4-4 walikuwa wanalisoma fomu tuu. Twende nalo taratibu.

Kwanza chora, hata kama hujaambiwa

Sisemi grafu ya rula na penseli iliyochongwa. Chora msalaba mdogo pembeni ya karatasi, A uiweke kushoto juu, B uiweke kulia chini, waunganishe. Sekunde kumi. Hapo tayari umeshajua mambo mawili ambayo baadae yatakuokoa. La kwanza, ukisoma kutoka kushoto kwenda kulia mstari unashuka, kwa hiyo gradienti lazima iwe hasi, ikitoka chanya umekosea, hamna mjadala. La pili, hesabu miraba kwa kidole: kutoka x ya -2 mpaka x ya 4 ni hatua 6 kwenda kulia, na kutoka y ya 7 mpaka y ya -2 ni hatua 9 kwenda chini. Unashuka nyingi kuliko unavyosogea, kwa hiyo mstari umesimama kiasi, na gradienti ukiacha ile alama ya hasi lazima iwe kubwa kuliko 1.

Angalia hicho kidole kilivyovuka sifuri. Kutoka -2 mpaka 0 ni hatua 2, kutoka 0 mpaka 4 ni hatua 4, jumla 6. Watu wengi wanapotea hapa hapa, wanaona 4 na 2 wanatoa, wanapata 2. Kidole hakidanganyiki na alama, kinahesabu tu.

Gradienti: mabano ni ya bure, yatumie

Gradienti ni kiasi gani y inabadilika kwa kila hatua moja ya x. Basi. Juu unaweka mabadiliko ya y, chini mabadiliko ya x:

```
m = (y2 - y1) / (x2 - x1)
m = ((-2) - 7) / (4 - (-2))
m = -9 / 6
m = -3/2
```

Kila namba yenye hasi inaingia na mabano yake. Mdogo wetu huyu aliandika chini 4 - 2, yaani ile hasi ya -2 na alama ya kutoa kazifanya kitu kimoja, akapata -9/2. Ni kosa dogo ukilitazama, herufi moja tu imepotea, ila mstari wa -9/2 ni mwingine kabisa, unaporomoka kama ukuta. Na cha kuudhi ni kwamba ile alama ni hasi kama tulivyotarajia, kwa hiyo kwa alama peke yake usingemkamata. Ungemkamata kwa zile hatua 6 za kidole, maana yeye chini ana 2.

Kuna makosa mengine mawili ya hapa. Moja ni kuchanganya mpangilio, juu unaanza na A afu chini unaanza na B, yaani 7 - (-2) ni 9 juu na 4 - (-2) ni 6 chini, unapata 3/2 chanya. Mchoro wako utakupigia kelele kwamba mstari unashuka. Kuanza na A au kuanza na B hakuna tofauti, ukianza na A zote mbili unapata 9 juu na -6 chini, ni ile ile -3/2, shida ni kuanza juu na mmoja na chini na mwingine. Kosa la pili ni kupindua, x juu y chini, unapata -2/3. Hili ni la hatari kidogo maana alama iko sawa, ila tulishasema unashuka nyingi kuliko unavyosogea, na 2/3 ni ndogo kuliko 1, kwa hiyo haiwezekani.

Afu iache kama sehemu, -3/2. Usiigeuze kuwa -1.5 kwa sababu kikokotoo kiko mezani. Mbele utahitaji hiyo 2 ya chini na hiyo 3 ya juu, na ukikutana na gradienti kama -5/7 ukaigeuza desimali ukaikata, jibu lako litakuwa la karibu karibu na ikwesheni haitaki karibu karibu.

Ikwesheni: mkaribishe P

Hapa ndo fomula inakaririwa bila kueleweka. Chukua nukta yoyote nyingine kwenye mstari huo huo, uiite P(x, y). Hujui iko wapi, inatembea, leo iko juu kesho iko chini, ila sharti ni moja, isitoke kwenye mstari. Sasa kwa kuwa mstari umenyooka, mteremko wake ni ule ule popote utakapoupima. Kwa hiyo gradienti kutoka A mpaka P lazima iwe sawa na ile ya kutoka A mpaka B. Ikwesheni ya mstari ni hiyo sentensi tu, imeandikwa kwa alama:

```
(y - 7) / (x - (-2)) = -3/2
```

Hamna kingine. Ile fomula ya y - y1 = m(x - x1) ni hii hii, ya chini imehamishwa upande wa pili. Sasa tunaondoa sehemu: 2 iliyo chini kulia inapanda kwenda kuzidisha kushoto, x + 2 iliyo chini kushoto inapanda kwenda kuzidisha kulia.

```
2(y - 7) = -3(x + 2)
2y - 14 = -3x - 6
3x + 2y = 8
3x + 2y - 8 = 0
```

Kwenye mstari wa pili hapo ndo watu wanaangukia. 2 inazidisha y na inazidisha 7 pia, kwa hiyo ni 14 sio 7. Na -3 inazidisha x na inazidisha 2, kwa hiyo ni -6 sio +6 na sio +2. Mabano ni kama mlango wa daladala, kondakta anakusanya nauli kwa kila aliye ndani, sio kwa aliyekaa karibu na mlango tu.

Kama wewe ni mtu wa y = mx + c, sawa pia, unafika kule kule. Weka gradienti, afu tumia A kutafuta c:

```
7 = (-3/2)(-2) + c
7 = 3 + c
c = 4
y = -3x/2 + 4
```

Zidisha kila kitu kwa 2 unapata 2y = -3x + 8, peleka -3x upande wa pili, 3x + 2y = 8, yale yale. Mimi binafsi napenda ile njia ya P kwa sababu haina c ya kutafutwa, lakini siyo dini, mtu atumie anayoiweza. Kitu kimoja tu kwa wanaojifunzia YouTube, Wamarekani wanaandika y = mx + b, hiyo b yao ndo c yetu, na sio ile b ya kwenye ax + by + c = 0. Na hata hiyo c ya kwenye ax + by + c = 0 sio c ya kwenye mx + c. Kwenye swali letu moja ni -8 na nyingine ni 4. Nimeshaona mtu anaandika mstari unakata mhimili wa y kwenye -8 kwa sababu eti c ni -8.

Ukaguzi, na hapa ndo jibu la yule mtoto

Turudi kwenye swali lake. Yeye alipata gradienti -9/2, akaendelea vizuri tu, hakukosea tena popote:

```
2(y - 7) = -9(x + 2)
2y - 14 = -9x - 18
9x + 2y = -4
```

Akakagua kwa A: 9 mara -2 ni -18, 2 mara 7 ni 14, jumla -4. Imekubali! Sasa kwanini ni kosa?

Kwa sababu A itakubali siku zote, mradi umefungua mabano vizuri. Angalia ile y - 7 na ile x + 2: ukiweka A pale, y - 7 inakuwa sifuri na x + 2 inakuwa sifuri. Sifuri ni sawa na gradienti mara sifuri, hata gradienti ingekuwa milioni moja, hata ungeokota namba barabarani. Nukta uliyojengea ikwesheni haiwezi kushuhudia kama gradienti ni sahihi, ni kama kumuuliza mshtakiwa mwenyewe kama kaiba. Shahidi ni B, ambaye hakuwepo wakati ikwesheni inaandikwa. Weka B kwenye ikwesheni yake: 9 mara 4 ni 36, 2 mara -2 ni -4, jumla 32. Ilitakiwa -4. Kwisha habari.

Nikamwambia hivyo, akajibu "kumbe anko nilikuwa najidanganya," nikamwambia hujajidanganya umekagua nusu.

Lakini usikague B peke yake ukaishia hapo. Kagua zote mbili, maana zikikaguliwa pamoja zinakwambia hata kosa liko wapi, na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Fanya hivi: ikwesheni yako iweke kwenye mtindo ambao x na y ziko kushoto na namba tupu iko kulia. Afu weka A upande wa kushoto tu, andika ulichopata. Weka B upande wa kushoto, andika ulichopata. Usiangalie kulia kwanza.

Kwenye ikwesheni sahihi, 3x + 2y, A inatoa -6 + 14 ambayo ni 8, B inatoa 12 - 4 ambayo ni 8. Zinalingana, na kulia kuna 8. Safi, hiyo ikwesheni haina shaka hata kidogo, maana kwenye nukta mbili tofauti unapita mstari mmoja tu ulionyooka, na wako unapita kwenye zote mbili.

Kwenye ya mtoto, 9x + 2y, A imetoa -4, B imetoa 32. Hazilingani. Zikitofautiana ina maana shida iko kwenye namba zilizoshikamana na x na y, yaani kwenye gradienti. Rudi hatua ya gradienti kwanza, na ukikuta iko sawa angalia ulivyozidisha na kuhamisha x na y.

Sasa chukua mwingine ambaye gradienti kapata sawa ila kasahau kuzidisha 7 kwa 2, kaandika 2y - 7 = -3x - 6, kaishia na 3x + 2y = 1. A inatoa 8. B inatoa 8. Zinalingana zenyewe kwa zenyewe ila hazilingani na 1. Hapo gradienti iko salama, kosa liko kwenye kufungua mabano au kuhamisha namba, na tena jibu sahihi umeshalipata bure: ile 8 ndo inayotakiwa kukaa kulia. Unafuta 1 unaandika 8, ila rudi juu urekebishe na hatua, msahihishaji anazisoma.

Na ukishaelewa hilo unaona kwamba unaweza kuligeuza kuwa njia ya mkato. Gradienti ni -3/2? Basi upande wa kushoto ni 3x + 2y, andika moja kwa moja, ya juu inakwenda kwa x, ya chini inakwenda kwa y, alama ikiwa hasi unaweka kujumlisha katikati, ikiwa chanya unaweka kutoa. Afu kulia weka chochote A inachotoa. 8. Mstari mmoja wa kazi. Mimi naitumia kukagua, kwenye mtihani andika njia ndefu, maana ukikosea kwenye njia ya mkato hakuna hatua ya kupewa maksi.

Mstari unakata wapi

Intasepti wanazikosa kwa uvivu tu. Mstari ukiwa juu ya mhimili wa y, x ni sifuri. Ukiwa juu ya mhimili wa x, y ni sifuri. Inasikika kama imegeuzwa, na ndo maana watu wanageuza, wanasikia mhimili wa x wanaweka x sifuri. Simama kwenye mchoro wako, weka kidole kwenye mhimili wa x popote, jiulize umepanda kiasi gani kutoka chini. Hujapanda, y ni sifuri.

Kwa hiyo kwenye 3x + 2y = 8, ukiweka x = 0 unabaki na 2y = 8, y = 4, mstari unakata mhimili wa y kwenye (0, 4). Ukiweka y = 0 unabaki na 3x = 8, x = 8/3, unakata mhimili wa x kwenye (8/3, 0). Kwenye picha ni mbili na theluthi mbili, kabla kidogo ya 3. Andika nukta nzima na sifuri yake, usiandike tu "4 na 8/3" afu umwachie msahihishaji abashiri ipi ni ipi.

Hii ya y unaweza kuithibitisha kwa kutembea. Gradienti ya -3/2 inasema kila hatua 2 kwenda kulia unashuka 3. Uko A, x ni -2, y ni 7. Tembea hatua 2 kulia, sasa x ni 0, umeshuka 3, y ni 4. Umefika kwenye mhimili wa y kwa miguu. Ya mtoto ilikuwa inampa -2 kwenye mhimili wa y, na hapo hata bila hesabu kuna kitu hakikai sawa: mstari unaoshuka utakuwaje kwenye -2 pale x ikiwa 0, afu ufike B x ikiwa 4 bado uko kwenye -2 ile ile? Angeangalia mchoro angejishtukia. Tatizo hakuwa na mchoro.

Kuna ukaguzi mwingine wa haraka wa intasepti: chukua ile ya y, igawanye kwa ile ya x, badilisha alama, lazima upate gradienti. 4 gawanya kwa 8/3 ni 12/8 yaani 3/2, badilisha alama, -3/2. Inafanya kazi kwa sababu kutoka (0, 4) mpaka (8/3, 0) unashuka 4 huku unasogea 8/3, ni gradienti ile ile imepimwa kwenye nukta nyingine mbili za mstari huo huo.

Na swali linaweza kuja kinyume, wakakupa intasepti tupu: mstari unakata mhimili wa x kwenye 6 na mhimili wa y kwenye -4. Watu wanaganda hapa wanasema nukta hazijatolewa. Zimetolewa, ni (6, 0) na (0, -4). Gradienti ni (-4 - 0) juu ya (0 - 6), -4 juu ya -6, yaani 2/3, chanya, na mchoro unakubali maana mstari unapanda. Kushoto ni 2x - 3y, (6, 0) inatoa 12, (0, -4) inatoa 12 pia, kwa hiyo 2x - 3y = 12. Dakika moja.

Mistari mitatu yenye ukorofi

Wa kwanza ni uliosimama wima. Tuseme C(3, -1) na D(3, 5). Gradienti: 6 juu ya 0. Hapa wanafunzi wanaandika 0, na kikokotoo kinaandika erra, na kikokotoo ndo kiko sahihi. Kugawanya kwa sifuri hakuna, kwa hiyo mstari huu hauna gradienti, na y = mx + c haiwezi kuuandika hata ufanyeje. Usilazimishe. Jiulize tu nukta zote za huu mstari zinafanana nini: x ni 3, juu ni 3, chini ni 3. Ikwesheni ni x = 3. Unakata mhimili wa x kwenye (3, 0), mhimili wa y haukati kamwe.

Wa pili ni uliolala, kama unaopita (-1, 4) na (5, 4). Hapo gradienti ni 0 juu ya 6, na hii sasa ndo sifuri ya kweli. Ikwesheni ni y = 4. Wima na kulala vinachanganywa kila siku, kumbuka tu sifuri ikiwa juu jibu ni sifuri, sifuri ikiwa chini hakuna jibu.

Wa tatu ni unaopita katikati pale mihimili inapokutana. Chukua (-4, 6) na (6, -9). Gradienti ni -15 juu ya 10, -3/2, kumbe ni sambamba na mstari wetu wa mwanzo. Kushoto ni 3x + 2y, (-4, 6) inatoa -12 + 12 ambayo ni 0, (6, -9) inatoa 18 - 18 ambayo ni 0, kwa hiyo 3x + 2y = 0. Intasepti zote mbili ni (0, 0), nukta moja. Mtu akipata hivi anadhani kakosea anaanza upya, kumbe mstari ndo ulivyo. Ule ukaguzi wa kugawanya intasepti haufanyi kazi hapa, ungekuwa unagawanya sifuri kwa sifuri, tumia nukta mbili ulizopewa.

Kuna kingine kidogo cha mtindo wa jibu. Wakisema ax + by + c = 0 na a, b, c ziwe namba kamili, usiache -3x/2 mle ndani. Ukipata -3x - 2y + 8 = 0 sio kosa, ni mstari ule ule umezidishwa kwa -1, ila wengi wanapenda x ianze na chanya. Na ukipata 9x + 6y - 24 = 0 ni sahihi pia, ila ulisahau kurahisisha -9/6, gawanya zote kwa 3.

Yule mtoto nikamwambia arudie la nne kwa kuanza na B badala ya A, makusudi, aone kama atafika pale pale. Akaandika 2(y + 2) = -3(x - 4), akafungua, 2y + 4 = -3x + 12, akafika 3x + 2y = 8, akanitumia picha na mchoro mdogo pembeni uliochorwa kwa kalamu ya bluu, A iko juu sana mpaka imegusa swali la tatu. Afu akauliza kama la tano nalo nimuangalizie. Nikamuuliza ushaweka ile nukta ya pili? Akakaa kimya kama dakika tatu, kikaingia kimeseji: "anko subiri, zimetoka 11 na -11."

Gradienti, nikamwandikia. Rudi kwenye gradienti.